Shajara ya mradi: Swali la 9 na kalamu nane

Jumamosi, 5 Julai

Mradi ni kuwaandaa watahiniwa 14 wa kidato cha nne kwa Hisabati Karatasi ya Pili ya KCSE. Wanatoka shule tatu za kutwa za Eastlands, na tunakutana Jumamosi alasiri katika chumba cha nyuma cha kanisa moja hapa Kayole. Shule zao zilifanya mtihani wa mwigo wa pamoja mwezi uliopita. Walimu wa kila shule walisahihisha karatasi za wanafunzi wao wakitumia mwongozo mmoja, na wiki hii watoto wamerudishiwa karatasi hizo. Kazi ya Julai ni kuzipitia swali kwa swali, ili nijue ni wapi kila mmoja anapotezea alama.

Watoto nitawaita humu kwa majina ya utani wanayoitana wenyewe.

Leo nilikusanya karatasi zote na kuchora jedwali: majina kushuka, maswali kwenda upande, alama katikati. Sehemu ya Kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50, kama ilivyo kwenye KCSE yenyewe, kwa hiyo jedwali ni pana. Nililipanga kuanzia mwenye jumla kubwa hadi mwenye jumla ndogo. Ukifanya hivyo, kila safu inapaswa kufuata mtiririko unaoeleweka: juu alama zinajaa, zikishuka zinapungua. Swali likiwa gumu mno linakuwa na sifuri tupu, na likiwa jepesi linajaa kwa wote.

Swali la 9(b) limegeuka juu chini. Katika watano wa kwanza, wanne wamepata sifuri. Katika watano wa mwisho, wanne wamepata alama zote mbili. Kadogo, ambaye ndiye wa kwanza kwa jumla, ana sifuri. Refa, ambaye uwezekano umemsumbua tangu kidato cha tatu, ana mbili kati ya mbili.

Mtoto mmoja mwenye akili anaweza kuteleza popote. Lakini wanaojua wakiteleza wote mahali pamoja, na wasiojua wakapita wote mahali hapohapo, basi ama swali limeandikwa vibaya au jibu linalotumiwa kusahihisha si lake. Nimeomba mwongozo kwa mwalimu wa hisabati wa shule ya kina Kadogo. Amesema atanitumia kwa Watsapu usiku.

Jumapili, 6 Julai

Kabla sijafungua faili la mwongozo nilifanya swali mwenyewe. Huo ndio utaratibu wangu kwa karatasi yoyote, kwa sababu jibu ukishaliona, jicho linaanza kutafuta njia ya kulifikia.

Swali linasema hivi: mfuko una kalamu 8 zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, 5 za buluu na 3 nyekundu. Kalamu mbili zinatolewa kwa pamoja bila kuangalia. (a) Tafuta uwezekano kwamba ni za rangi moja. (b) Tafuta uwezekano kwamba ni za rangi tofauti. Kila sehemu alama mbili.

Nilipata 13/28 kwa (a) na 15/28 kwa (b). Kisha nikafungua mwongozo:

```
(a) 5/8 × 4/7 + 3/8 × 2/7 = 26/56 = 13/28    M1 A1
(b) 5/8 × 3/7 = 15/56                        M1 A1
```

M1 ni alama ya njia, A1 ni alama ya jibu sahihi linalotokana na njia hiyo.

Sehemu ya (a) ni sawa kabisa. Sehemu ya (b) haiwezi kuwa sawa, na ushahidi uko mstari mmoja juu yake. Ukitoa kalamu mbili, ama zitakuwa za rangi moja au zitakuwa za rangi tofauti. Hakuna jambo la tatu linaloweza kutokea. Kwa hiyo majibu ya (a) na (b) lazima yajumlike kuwa 1. Ya mwongozo yanajumlika kuwa 26/56 na 15/56, yaani 41/56. Kuna 15/56 ambazo hazipo popote, na hizo ndizo mara ambazo nyekundu ingeguswa kwanza kisha buluu.

Nilirudi kwenye karatasi ya Kadogo. Kwa (b) hakuzidisha chochote. Aliandika 1 − 13/28 = 15/28, mstari mmoja safi, njia fupi kuliko zote. Juu yake kuna mkasi wa kalamu nyekundu na sifuri. Pembeni, kwa mwandiko wake na penseli, amenakili "masahihisho": 5/8 × 3/7 = 15/56.

Hayo masahihisho yameniuma kuliko sifuri yenyewe.

Jumatatu, 7 Julai

Nimetumia jioni yote kutafuta kosa lilizaliwaje, maana nikimpigia mtunzi wa swali nikamwambia tu kwamba jibu lake si sahihi, tutabishana majibu na hatutafika popote. Nataka nijue aliwaza nini.

Nilizipa kalamu nambari: B1 hadi B5 za buluu, N1 hadi N3 nyekundu, nikaorodhesha kila jozi inayoweza kutoka mfukoni. B1 inaweza kutoka na nyingine saba. B2, ukiiacha ile jozi yake na B1 iliyokwisha kuandikwa, ina sita. Unaendelea hivyo mpaka mwisho: 7 na 6 na 5 na 4 na 3 na 2 na 1, jumla 28. Kati ya hizo, jozi 10 ni buluu tupu, 3 ni nyekundu tupu, na 15 ni mchanganyiko, kwa sababu kila moja ya buluu tano inaweza kuoana na kila moja ya nyekundu tatu.

Jozi mchanganyiko ni 15 katika 28. Mwongozo nao una 15 juu. Tofauti iko chini tu, 28 dhidi ya 56.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Ile 56 ni 8 × 7, na 8 × 7 ni hesabu inayojali nani ametangulia: nafasi nane kwa kalamu ya kwanza, saba kwa ya pili. Katika hesabu hiyo, B1 kisha N1 ni tukio moja, na N1 kisha B1 ni tukio lingine. Lakini 15 ya juu imehesabu kila jozi mara moja tu, bila kujali nani ametangulia. Namba ya chini imejali mpangilio na ya juu haikujali. Ukijali, jali kote: 30 juu ya 56. Usipojali, usijali kote: 15 juu ya 28. Zote mbili ni jibu moja. 15/56 haitoki katika njia yoyote kati ya hizo mbili.

Mtu anaweza kuuliza mbona (a) ilinusurika. Ni kwa sababu 5 × 4 = 20 imeshahesabu mpangilio yenyewe: B1 kisha B2 imo, na B2 kisha B1 imo. Za rangi moja zinajipanga zenyewe ndani ya kuzidisha. Za rangi tofauti hazifanyi hivyo, ndiyo maana tawi la pili la mchoro wa mti linapaswa kuongezwa kwa mkono.

Jumatano, 9 Julai

Nilipewa nambari ya mtunzi na mwalimu wa shule ya kina Kadogo, ambaye alisema ni bora niongee naye moja kwa moja. Ni mwalimu wa miaka mingi, na wengi katika kundi la mtihani huo wanamheshimu. Nilimpigia saa mbili usiku.

"Mwalimu, samahani kwa kukusumbua saa hizi. Ni kuhusu swali la tisa, sehemu ya pili."

"Hakuna shida, madamu. Hiyo ya kalamu?"

"Ndiyo. Naona mwongozo una tawi moja tu, buluu kisha nyekundu."

"Ni makusudi," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyebanwa. "Soma swali vizuri. Kalamu zimetolewa kwa pamoja. Hakuna ya kwanza wala ya pili. Ningesema moja baada ya nyingine, hapo ningejumlisha buluu-nyekundu na nyekundu-buluu. Kwa pamoja, hiyo ni kitu kimoja."

Ndivyo nilivyokuwa nimebashiri, na ni hoja yenye uzito. Wanafunzi wengi hawafiki hata kufikiria hivyo. Nilimwambia nakubaliana naye kwamba kwa pamoja hakuna wa kwanza. "Lakini basi mwalimu, ile saba ya chini imetoka wapi? Saba ni kalamu zilizobaki baada ya moja kutoka. Ukishaandika saba, umeshasema kuna moja iliyotangulia."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba hiyo ni njia tu ya kuhesabu.

"Sawa, tuiache. Tuhesabu jozi bila mpangilio kabisa. Utapata jozi ngapi zote?"

"Madamu, sasa niko barabarani," akasema. Nilisikia kondakta akiita abiria wa Donholm. "Nitumie ulichoandika."

Nilimtumia picha ya ile orodha ya jozi 28, pamoja na mstari mmoja chini yake: 13/28 + 15/56 = 41/56. Sikuongeza neno lingine.

Ijumaa, 11 Julai

Mtunzi hajajibu. Nilipitia mwongozo wote uliobaki. Palipo na tofauti ni mahali pawili ambapo jibu langu na lake yanaachana kwenye desimali ya tatu kwa sababu ya kukadiria mapema, na yote yanakubalika. Swali la 9(b) liko peke yake.

Nimeandaa vizibo vya soda vya kesho. Nimechukua vya aina moja, nikavipaka nukta upande wa ndani kwa kalamu ya wino mzito: vitano buluu, vitatu nyekundu, na seti saba kwa sababu ya jozi saba za wanafunzi. Mifuko ni ya kaki, ile ya kufungia mkate wa duka la jirani. Vizibo lazima vifanane kwa kuguswa. Nilijaribu kwanza kubandika vipande vya karatasi ya rangi, nikagundua vidole vinaweza kutofautisha, nikaviondoa.

Jumamosi, 12 Julai

Sikuwaambia jibu. Niliandika ubaoni 15/56 na 15/28, nikauliza nani anasimama na lipi. Karibu wote walisimama na 15/56, hata Kadogo.

"Si mwongozo umesema, tichaa," akasema.

Nilimuuliza aliandika nini kwenye mtihani. Akasema alikosea.

Tukatoa mifuko. Sheria zilikuwa chache: tikisa, ingiza mkono bila kuangalia, toa vizibo viwili kwa mara moja, andika "sawa" au "tofauti", rudisha vyote viwili, tikisa tena. Kila kundi mara 20. Kabla ya kuanza niliwaomba wabashiri kila jibu linadai nini. Kwa 15/56, ambayo ni kama 0.27, katika mara 20 ungetarajia "tofauti" kama mara tano. Kwa 15/28, ambayo ni kama 0.54, ungetarajia kama mara 11.

Kundi la Refa lilimaliza la kwanza. Walipata "tofauti" mara 7 katika 20, na Refa akasimama kushangilia, kwa sababu saba iko karibu na tano kuliko 11. Sikumzuia. Nilitaka makundi mengine yasikie.

Matokeo ya makundi yote saba yalikuwa 7, 13, 11, 12, 9, 14 na 11. Jumla ni "tofauti" 77 katika majaribio 140, yaani 0.55. Kama 15/56 ndiyo sahihi, tungetarajia karibu 38 katika 140.

Tulikaa kwenye saba ya Refa kwa muda mrefu, na nadhani hapo ndipo palikuwa na faida kubwa kuliko kwenye jumla. Majaribio ishirini ni machache. Kundi moja likiwa peke yake lingeenda nyumbani likiamini jibu lisilo sahihi, na halingekuwa limefanya jambo lolote vibaya. Majaribio hayathibitishi 15/28 kwa usahihi wa namba hiyo. Kwa 77 katika 140 huwezi kutenganisha 15/28 na, tuseme, nusu kamili. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuonyesha kwamba robo na kidogo haiwezekani. Namba kamili inatoka kwenye kuhesabu.

Kwa hiyo tulihesabu. Nilimwita Nahodha ubaoni akaandika jozi zote, huku wengine wakimwambia alizoruka. Aliruka B3 na N2, mtu wa nyuma akamwona. Walipofika 28, Kadogo alikuwa ameshafungua karatasi yake ya mtihani. Aliifuta ile penseli ya pembeni kwa kifutio mpaka karatasi ikachanika kidogo.

Refa aliuliza swali ambalo sikulitarajia kutoka kwake: "Tichaa, mimi mbona nilipata alama basi?"

Nilimuuliza alifikiaje 15/56. Akasema aliona buluu tano na nyekundu tatu, akazidisha, hakujua kuna kingine cha kufanya. Hakuwa na hoja ya "kwa pamoja" kama ya mtunzi. Jibu moja, sababu mbili tofauti kabisa, na mwongozo ukawapa wote M1 A1.

Jumatatu, 14 Julai

Mtunzi amenipigia mwenyewe, saa kumi na mbili asubuhi kabla ya masomo. Amesema alikaa na mwanawe wa chuo wakaandika zile jozi upya kutoka mwanzo, na ni 28. "Hiyo 41 juu ya 56 ndiyo iliyonikosesha usingizi," akasema. "Nimetunga mitihani miaka mingi, na sijawahi kujumlisha (a) na (b)."

Tuliandika marekebisho pamoja kwenye simu. Tulichukua muda kwa sababu mwongozo hauandikwi kwa ajili ya jibu moja. Lazima uwaze kila njia ambayo mtahiniwa mwenye akili angeweza kupita, la sivyo msahihishaji anayefuata maandishi tu atamwangusha Kadogo mwingine. Tulimaliza na hivi:

```
9(b)  5/8 × 3/7 + 3/8 × 5/7            M1
      au  1 − jibu la (a)              M1
      au  15 jozi kati ya 28           M1
      = 15/28  (au 30/56, au 0.5357)   A1
```

Tulivutana kidogo kuhusu mstari wa pili. Mtahiniwa aliyekosea (a), kwa mfano aliyeandika 12/28, halafu kwa (b) akaandika 1 − 12/28 = 16/28, anapata nini? Mtunzi alitaka sifuri kwa kuwa jibu si sahihi. Mimi niliona njia yake ya (b) haina kasoro, na kosa lake limeshaadhibiwa kwenye (a). Tulikubaliana M1 A0.

Kwa walioandika 5/8 × 3/7 peke yake, M0 A0. Hapo hatukuvutana.

Ameahidi kutuma marekebisho kwa shule zote leo. Nimemshukuru sana. Si kila mtu anayepigiwa simu na mwalimu wa tuisheni asiyemjua hukubali kuorodhesha jozi 28.

Alhamisi, 17 Julai

Mama Refa alinipigia akiwa Gikomba, nyuma yake wauzaji wa mitumba wakipiga kelele za bei. Refa amemwambia alama zake zitapungua.

"Mwalimu, mimi nakulipa umwongezee mtoto alama, si umpunguzie."

Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Nilimweleza kwamba alama mbili za mwigo hazitaandikwa kwenye cheti chochote, lakini kinachoingia kichwani mwa Refa mwezi huu ndicho atakachokiandika Novemba, na mtahini wa Novemba hatakuwa na mwongozo huu. Aliuliza kama kuna wengine waliopunguziwa. Nikamwambia wapo. Akauliza kama Refa sasa anaijua hiyo hesabu. Nikamwambia bado, lakini ameuliza swali zuri kuliko wote Jumamosi. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi endelea naye, mwalimu. Lakini ajue kabisa."

Shule mbili kati ya tatu zimekubali kupitia upya 9(b). Ya tatu imesema alama zimeshaingizwa na ripoti zimeshachapishwa, kwa hiyo haitabadilisha. Watoto wanne wa shule hiyo wako kwangu. Karatasi zao nimezisahihisha mwenyewe kwa mwongozo mpya, nikaandika alama ya kweli pembeni kwa kalamu ya kijani, ili mbele yao kusiwe na namba inayowadanganya.

Jumamosi, 19 Julai

Leo nilitaka kupima kama kosa limetoka kweli. Niliwapa swali lisilo na kalamu: kikapu kina machungwa 6, manne mazuri na mawili yaliyooza ndani, na kwa nje hayatofautiki. Unachukua mawili. Uwezekano wa kupata moja zuri na moja bovu ni upi?

Kadogo aliandika 4/6 × 2/5 = 8/30, akachora mstari chini yake, akaweka kalamu mezani.

Nilisimama nyuma yake bila kusema kitu. Mwanafunzi huyu alilijua jambo hili kabla ya mtihani. Alama ya mkasi na masahihisho ya kunakili vimemfundisha upya, na kujua kwamba mwongozo ulikosea hakujatosha kuondoa mazoea ya mkono. Nilichomwambia ni kimoja: "Tafuta na ile ya aina moja."

Akahesabu: mazuri mawili 12/30, mabovu mawili 2/30. Jumla 14/30. Akaongeza 8/30 yake, akapata 22/30, akasema "aa" kwa sauti ya chini, akaongeza tawi lililokosekana. 16/30, yaani 8/15.

Tangu sasa nimewawekea sharti kwenye kila swali la aina hii: usifunge jibu mpaka umelijumlisha na kinyume chake. Lakini niliwaonyesha pia mahali ambapo sharti hili halisaidii. Nahodha, katika swali hilohilo, alisahau kwamba chungwa la kwanza halirudi kikapuni. Aliandika aina moja 16/36 + 4/36 na aina tofauti 16/36. Zinajumlika 36/36, na bado si jibu la swali lililoulizwa, kwa sababu amejibu swali la kikapu kinachorudishiwa chungwa. Kujumlisha kuwa 1 kunakamata tawi lililosahauliwa. Hakukamati kikapu kilichosomwa vibaya. Kwa hilo dawa ni kuangalia namba za chini: kama chungwa halirudi, 6 lazima ifuatwe na 5.

Jumatano, 23 Julai

Naandaa kazi ya Jumamosi: kutoa vitu vitatu, ambapo mpangilio unazaa matawi matatu badala ya mawili. Nilianza na kalamu zilezile nane kwa kuwa watoto wanazijua, na nikauliza uwezekano wa nyekundu mbili na buluu moja. Kila mpangilio unatoa 3/8 × 2/7 × 5/6, yaani 30/336, na mipangilio ni mitatu, jumla 90/336. Nikarahisisha, nikapata 15/56.

Nimeitupa hiyo. Ni jibu sahihi la swali hilo, lakini ni sehemu ileile waliyoikariri kwa mwezi mzima, na sitaweza kujua nani amehesabu na nani amekumbuka. Nikageuza, buluu mbili na nyekundu moja, ikatoka 15/28. Nayo nimeitupa.

Nimetumia kalamu 10, buluu 6 na nyekundu 4, na swali ni buluu mbili na nyekundu moja. Mpangilio mmoja ni 6/10 × 5/9 × 4/8, yaani 1/6. Atakayesahau mipangilio mingine ataandika 1/6. Atakayekumbuka miwili tu ataandika 1/3. Jibu ni 1/2. Kila kosa lina namba yake, kwa hiyo nikiona karatasi nitajua mtoto ameishia tawi lipi bila kumuuliza.

Jumamosi, 26 Julai

Kumi na mmoja waliandika 1/2. Wawili waliandika 1/6, na nimekaa nao pembeni na vizibo.

Refa aliandika 1/3, akaiangalia, akaikata. Chini yake aliandika herufi tatu tatu: BBN, BNB, NBB. Kisha akaandika 1/2, akaniita nije kuona kwamba hakunakili kwa Nahodha. Niliona. Nikamwambia Jumamosi ijayo yeye ndiye atakayeorodhesha ubaoni, safari hii kalamu za rangi tatu.